Mwaliko Umefika, Leseni Haipo

Mfanyakazi mpya akikataliwa na mfumo wa ofisi, wa kwanza kulaumiwa huwa ni yeye. Ataambiwa aandike neno la siri taratibu, azime kompyuta aiwashe tena, pengine hata kwamba hajazoea mambo ya mtandao. Siku ya pili inapita, ya tatu inapita, naye yuko kwenye kipindi cha majaribio na kazi aliyopewa haijaanza. Kumbe mara nyingi kasoro iko kwenye orodha ambayo yeye haruhusiwi hata kuiona: orodha ya watumiaji na leseni, iliyo mikononi mwa msimamizi wa akaunti ya kampuni.

Tutazame mfumo mmoja unaotumika katika ofisi nyingi, Microsoft 365, unaobeba barua pepe, mafaili na Teams. Kampuni hununua leseni kwa idadi ya watu. Lakini kununua leseni hakumpi mtu yeyote ruhusa ya kutumia chochote. Lazima msimamizi atengeneze akaunti ya mtu huyo, kisha aikabidhi leseni mojawapo. Akaunti humtambulisha mtu kwenye mfumo. Leseni humfungulia huduma. Mwaliko unaotumwa kwa barua pepe ni jambo la tatu, nao hauchukui nafasi ya hayo mawili.

Chukulia kampuni ndogo ya uwakala wa forodha pale Kurasini, Dar es Salaam. Imelipia leseni 10 za Microsoft 365 Business Basic kwa mkataba wa mwaka. Mwezi Juni karani wa nyaraka anaacha kazi. Mhasibu, ambaye ndiye pia msimamizi wa akaunti, anafanya jambo la busara siku hiyohiyo: anafungua admin.microsoft.com, anatafuta jina la karani na kubonyeza Block sign-in. Karani hawezi tena kuingia. Hata hivyo, leseni yake bado imeshikamana na jina lake, na kampuni inaendelea kuilipia.

Agosti anaajiriwa karani mwingine. Mhasibu anapotaka kumpa leseni, anakuta zote 10 zimeshatumika, ilhali wafanyakazi wenye kuingia ni 9 tu. Meneja hataki kusikia habari ya kuongeza malipo. Basi mhasibu anatafuta njia ya mkato. Anaingia Teams, anafungua timu ya nyaraka na kuongeza anwani ya Gmail ya karani mpya. Mfumo unakubali bila kudai leseni, kwa sababu mtu wa nje anayealikwa hivyo huhesabiwa kuwa mgeni, na mgeni hali leseni. "Dada, nimeshakutumia mwaliko, angalia barua pepe yako," anamwambia.

Mwaliko kweli umefika. Karani anaufungua kwenye kompyuta ya ofisi, anabonyeza, na mbele yake unatokea ujumbe mrefu wenye namba AADSTS50020. Wengi hapa hukata tamaa, ingawa ujumbe huo una habari muhimu. Unataja anwani ya mtu anayejaribu kuingia na kusema akaunti hiyo haimo katika kampuni iliyotoa mwaliko. Ukiisoma anwani hiyo kwa makini, si ya karani. Ni akaunti binafsi ya Microsoft ya mtu aliyekuwa akitumia kompyuta hiyo kabla yake, na kivinjari bado kinaikumbuka. Mwaliko ulitolewa kwa anwani moja, na mlangoni imefika nyingine.

Dawa yake ni rahisi. Nakili kiungo cha mwaliko, fungua dirisha la faragha, linaloitwa InPrivate kwenye Edge na Incognito kwenye Chrome, kibandike humo, kisha ingia kwa anwani ileile iliyoalikwa, herufi kwa herufi. Msimamizi naye anaweza kuthibitisha kwa upande wake. Kwenye entra.microsoft.com, jina la mgeni ambaye hajakamilisha mwaliko huonyesha Pending acceptance. Maneno hayo yakiwepo, shida bado iko kwenye mwaliko au anwani, na kununua leseni hakutasaidia.

Karani anaingia, na hapo linaibuka tatizo la pili. Anaiona timu ya nyaraka tu. Hana barua pepe yenye jina la kampuni, hana OneDrive, hana kalenda ya ofisi, na pembeni mwa jina lake pameandikwa Guest. Meneja anamwagiza amjibu mteja kwa barua pepe ya kampuni, hawezi. Hapa hakuna kilichoharibika. Mfumo umempa haki zote za mgeni, ila yeye ni mwajiriwa, na anahitaji akaunti ya mwajiriwa.

Njia iliyonyooka inaanzia kwa yule aliyeondoka. Kabla ya kumwondolea leseni, mhasibu ageuze kisanduku chake cha barua kuwa cha pamoja, yaani shared mailbox. Kisanduku cha namna hiyo hakihitaji leseni yake chenyewe hadi kifike GB 50, na barua za wateja zitabaki zikisomeka na wenzake. Mafaili yaliyo kwenye OneDrive yake nayo yahamishwe. Utaratibu huu usirukwe, kwa maana leseni ikiondolewa kwenye kisanduku ambacho hakijageuzwa, barua zake huhifadhiwa siku 30 tu, kisha hufutwa.

Baada ya hapo leseni iondolewe kwenye kichupo cha Licenses and apps, na hesabu itashuka kuwa 9 kati ya 10. Sasa akaunti ya karani mpya itengenezwe chini ya Active users. Sehemu mbili zinahitaji macho. Ya kwanza ni kikoa: ikiwa kampuni ina anwani zinazoishia .co.tz na akaunti ikatengenezwa kwa ile inayoishia onmicrosoft.com, karani ataandika anwani aliyozoea kuiona na kuambiwa haipo. Ya pili ni nchi ya mtumiaji, kwa sababu leseni haikabidhiwi mtu ambaye nchi yake haijajazwa. Akishapewa leseni, kisanduku cha barua kinaweza kuchukua muda kabla ya kutokea, kwa hiyo kukosekana kwake katika saa ya kwanza si sababu ya kufuta akaunti na kuanza upya.

Mifumo mingine ina kanuni zake, lakini maswali ni yaleyale. Kwenye Slack, mwaliko ambao haukukubaliwa huisha muda baada ya siku 30, hivyo aliyeufungua kwa kuchelewa anahitaji kutumiwa mwingine. Kwenye Google Workspace, mtumiaji aliyesimamishwa bado anahesabiwa na kulipiwa, kama yule karani wa Juni.

Kwa meneja, upande wa fedha una jambo moja la kujua. Katika mkataba wa mwaka wa Microsoft, leseni huongezwa wakati wowote, lakini zikishapita siku 7 tangu kununua, idadi haipunguzwi mpaka mkataba uishe. Kununua ya 11 kwa haraka ni kujifunga kuilipia miezi yote iliyobaki, wakati ya 10 ilikuwa imelala kwa mtu aliyekwishaondoka.

Kwa hiyo kumuaga mfanyakazi kuwe na hatua zake zilizoandikwa: kumfungia asiingie, kuhifadhi barua na mafaili yake, kisha kuikomboa leseni. Na anayekuja asipoweza kuingia, msimamizi afungue orodha yake kwanza kabla ya kumhoji. Aangalie kama mtu huyo ni mwajiriwa au mgeni, mwaliko umekubaliwa au bado, na leseni iko kwa nani. Majibu ya maswali hayo anayo yeye; mfanyakazi mpya hana hata moja.