Weusi wa Slaidi Hutoka Ukumbini

Projekta haiwezi kurusha rangi nyeusi. Kazi yake ni kurusha mwanga, na pale slaidi inapotakiwa kuwa nyeusi, inachofanya ni kujizuia isirushe. Kinachobaki kwenye skrini ni mwanga uliokuwemo ukumbini tangu awali: wa dirishani, wa taa za dari, wa mlango usiofungika vizuri. Ndiyo maana slaidi iliyokuwa nyeusi tititi kwenye kompyuta ya mkononi ikifika ukutani huwa ya kijivu, na herufi zake zikafifia. Wengi hulaumu projekta, wakati mwingine waya. Mhusika hasa ni dirisha.

Tuchukue semina ya maofisa ugani, saa nane mchana, ukumbi wenye madirisha upande mmoja na mapazia mepesi. Projekta ni ya lumeni 3000, skrini ina upana wa mita 2 na kimo cha mita 1.5, yaani mita za mraba 3. Lumeni ni jumla ya mwanga unaotoka kwenye mashine. Ukiugawa kwa eneo la skrini unapata laksi, yaani mwanga unaoangukia kila mita ya mraba. Kwa hiyo sehemu nyeupe ya slaidi inapata laksi 1000. Mwanga wa ukumbi unaoangukia skrini hiyohiyo tuseme ni laksi 200. Huo hauchagui, unaangukia peupe na peusi sawasawa. Peupe panakuwa 1200, "peusi" panabaki 200. Uwiano ni 6 kwa 1.

Hapo mtu atasema: kama uwiano ni huohuo, herufi nyeupe juu ya weusi si sawa tu na herufi nyeusi juu ya weupe? Kwa rangi hizo mbili pekee, ndiyo, hesabu ni ileile. Lakini hakuna mtu anayetengeneza slaidi za rangi mbili pekee. Ofisa anayewasilisha kwenye semina yetu ana chati ya mvua yenye mstari mwekundu na wa bluu, na rangi hizo hazina mwanga mwingi. Ukilinganisha na nyeupe kamili, nyekundu kamili hutoa takriban asilimia 21 ya mwanga, na bluu asilimia 7 tu.

Weka mstari wa bluu juu ya mandhari nyeusi. Unapata laksi 70 za projekta na 200 za ukumbi, jumla 270, dhidi ya 200 za mandhari yenyewe. Uwiano haufiki hata 1.4 kwa 1, na aliyekaa nyuma haoni mstari wowote. Mwekundu unafika 2 kwa 1, unaonekana kwa taabu. Sasa hamishia mistari ileile kwenye mandhari nyeupe: bluu inapata zaidi ya 4 kwa 1, nyekundu karibu 3. Miongozo ya WCAG ya kurasa za wavuti hutaka angalau 3 kwa 1 kwa herufi kubwa na michoro, kwa hiyo bluu imevuka na nyekundu imekaribia sana, bila kubadilishwa hata rangi moja. Njano ndiyo inayokwenda kinyume. Juu ya weupe haionekani kabisa, juu ya weusi inawaka. Mandhari nyeusi hutaka njano, nyeupe na samawati iliyopauka. Ukipeleka humo rangi za chati za kawaida umezizika.

Na hapo nimedhani projekta ni mpya. Saa za uhai wa balbu zinazoandikwa na watengenezaji kwa kawaida huhesabiwa mpaka mwanga unaposhuka nusu, na projekta nyingi za kumbi za kukodi huenda zimeshafika huko zamani. Zikibaki lumeni 1500, peupe na peusi hutofautiana kwa 3.5 kwa 1 tu.

Funga mapazia mazito, zima taa, na mambo yanageuka. Mwanga wa ukumbi ukishuka hadi laksi 10, mstari uleule wa bluu juu ya weusi unafika 8 kwa 1 na mwekundu 22 kwa 1. Katika giza hilo ni slaidi nyeupe ndiyo inayokera, kwa sababu macho yameshazoea giza halafu yanapigwa na ukuta mzima wa mwanga kila unapobonyeza. Mandhari nyeusi ni mali ya kumbi za namna hii. Enzi za slaidi za filamu, wahadhiri walizoea herufi nyeupe juu ya bluu nzito, na walikuwa sahihi: taa zilikuwa zinazimwa. Tulichorithi ni rangi. Kuzima taa tukakuacha.

Maudhui nayo yana sauti. Picha ya jani la mahindi lililotobolewa na viwavijeshi, au ya eksirei, hupendeza ikizungukwa na weusi, maana weupe wa pembeni hulifanya jicho lipunguze mwanga unaoingia na sehemu za giza za picha zikapotea. Jedwali la mavuno au aya ya maandishi ni bora iwe juu ya weupe: mboni hujifinya, na herufi zinakuwa kali zaidi, hasa kwa mwenye astigmatizimu, ambaye herufi nyeupe juu ya weusi humtawanyikia kama zina ukungu. Ofisa wetu mwenye jedwali, chati na picha saba za majani nisingemshauri achanganye mandhari mbili. Atumie nyeupe, na kila picha aitandaze ijaze slaidi nzima, kingo zisionekane. Kinyume chake hakiwezekani kirahisi: nembo ya wizara na grafu zilizonakiliwa kutoka Excel mara nyingi huja na mraba mweupe, na juu ya slaidi nyeusi zitaonekana kama viraka.

Runinga kubwa ya chumba cha mikutano ina sheria nyingine. Yenyewe hutoa weusi wa kweli zaidi kuliko projekta, ila kioo chake kinang'aa. Izime, kaa kwenye kiti cha mjumbe, uitazame. Dirisha, taa na shati lako unavyoviona humo ndivyo vitakavyoelea juu ya slaidi nyeusi. Kwenye ukuta wa taa za LED jukwaani ni vingine tena: unang'aa kiasi kwamba slaidi nyeupe inaumiza macho, na kamera ikijirekebisha kwa weupe huo uso wa msemaji unakuwa kivuli. Hapo chagua nyeusi bila kusita.

Kwa projekta, kipimo ni rahisi. Fungua wasilisho kwenye PowerPoint, anza kuonyesha, kisha bonyeza B. Skrini itakuwa nyeusi, na weusi huo wa kijivu unaouona ndio weusi wote utakaoupata siku hiyo. Bonyeza W uone weupe. Tofauti ikiwa ndogo, rudi kwenye mandhari nyeupe, au kwanza funga pazia lililo karibu na skrini, maana pazia hilo moja husaidia zaidi kuliko kuzima taa za nyuma ya ukumbi.

Kubadili mandhari dakika za mwisho kunawezekana kupitia Design, kisha Variants, kwa sharti moja: rangi za maandishi na chati ziwe zimechaguliwa kutoka rangi za mandhari yenyewe. Ulizopaka kwa mkono hazibadiliki, na herufi nyeusi zitabaki nyeusi juu ya weusi. Kwa hiyo kama hujui ukumbi utakaopangiwa, tengeneza slaidi nyeupe. Nyeusi iache kwa siku ambayo swichi ya taa na kamba ya pazia viko mkononi mwako.