Visanduku tisa vya uji wa asubuhi

Tuseme wanafunzi wanne wa chuo kimoja cha Dar es Salaam wanataka kuuza uji wa lishe asubuhi. Kabla ya kununua hata sufuria, wanabandika ukutani karatasi kubwa yenye visanduku tisa. Hiyo ndiyo kanvasi ya modeli ya biashara, chombo kilichotokana na tasnifu ya udaktari ya Mswisi Alexander Osterwalder ya mwaka 2004, iliyosimamiwa na Profesa Yves Pigneur wa Chuo Kikuu cha Lausanne. Kulia hukaa mambo ya mteja, kushoto mambo ya jikoni, katikati thamani anayopewa mteja, na chini fedha: gharama kushoto, mapato kulia.

Huanzia kwa wateja. Vijana wetu wanaandika “wanafunzi wote”, na hapo wamekwama, kwa sababu anayekaa bwenini akiwa na birika lake hana shida ya uji. Wanasimama getini asubuhi mbili tatu kuuliza watu. Wanagundua kwamba wanaokaa Mbagala na Gongo la Mboto hutoka nyumbani alfajiri, hushuka daladala na kukimbilia kipindi cha saa moja bila kutia kitu tumboni. Hao ndio wateja.

Mteja akishajulikana, kisanduku cha thamani kinajijaza. Neno “uji” peke yake halitoshi, maana uji unapatikana kila mahali. Wanachouza ni kitu cha moto na cha kushibisha, kinachopatikana kwa dakika moja kabla ya kipindi. Kwa hiyo njia ya kumfikia mteja ni meza karibu na kituo cha daladala, kuanzia saa kumi na mbili na robo. Uhusiano naye unajengwa na muuzaji yuleyule kila siku, anayejua nani hataki sukari. Mapato ni shilingi 700 kwa kikombe, taslimu au kwa simu. Bumu likiingia, wanauza pia kadi ya vikombe 20, ila fedha ya kadi ni deni mpaka kikombe cha mwisho kinywewe.

Upande wa kushoto haukawii. Vitendea kazi ni chupa kubwa za kutunza joto, meza na ndoo ya kunawia. Kazi kuu ni kupika kwa usafi na kufika kwa wakati, kwani uji ukifika saa moja na dakika tano hauna mnunuzi. Washirika ni mama lishe mwenye jiko jirani, bodaboda wa kubeba chupa, na uongozi wa chuo unaotoa kibali cha kuweka meza.

Kimebaki kisanduku cha gharama, na hapa ndipo karatasi inapowabana. Kwa makadirio yao, unga, sukari na gesi ni shilingi 260 kwa kikombe, na kikombe cha karatasi ni 140. Jumla 400, kinabaki 300. Mama lishe anataka 198,000 kwa mwezi, yaani 9,000 kwa kila siku ya masomo kati ya siku 22, na bodaboda 3,000. Hiyo ni 12,000 kwa siku, auze asiuze. Ukigawa kwa 300, lazima wauze vikombe 40 ndipo warudishe gharama. Kwenye majaribio wameuza 32. Kila asubuhi wanapoteza shilingi 2,400.

Wengi hapa hupandisha bei. Wao wanarudi kwenye kisanduku cha uhusiano na kuandika: mteja aje na kikombe chake, anayesahau aongeze 150. Kinachobaki kwa kila anayekuja nacho kinapanda hadi 440, na vikombe 28 vinatosha. Wakiuza 32 kwa namna hiyo, wanabaki na 2,080. Lakini badiliko hilo limegusa thamani pia: kikombe kichafu kinahitaji maji na muda, na dakika moja waliyoahidi inaweza kuwa tatu. Hilo lazima lijaribiwe mezani, na mpaka hapo neno lake liandikwe kwa penseli.

Kanvasi ina upungufu. Haina kisanduku cha mshindani, wala haioneshi kalenda. Chuo kikifungwa, wateja wote wanarudi makwao huku 198,000 za mama lishe zikiendelea kudaiwa. Dawa iko kwenye kisanduku cha washirika: wakubaliane naye alipwe 9,000 kwa kila siku anayopika, si kwa mwezi. Mkataba huo usainiwe kabla ya chupa ya kwanza kununuliwa.