Odi si uwezekano: kusoma jedwali la wanaohama

Regresheni ya lojistiki hutumika pale jibu linapokuwa na pande mbili tu: mtu amehama au amebaki. Takwimu za Kagera zinafaa kwa hesabu hiyo, kwa kuwa watu wa kaya zilizohojiwa kati ya 1991 na 1994 walitafutwa tena mwaka 2004 na 2010, hata wale waliokwisha kuhamia mbali. Kosa kubwa katika kusoma matokeo hutokea kwenye safu moja, ile ya uwiano wa odi, ambayo programu ya SPSS huiita `Exp(B)`.

Odi ni idadi ya waliohama ikigawanywa kwa idadi ya waliobaki. Katika mfano wa kubuni, kati ya vijana 200 wasio na elimu ya sekondari, 40 wamehama na 160 wamebaki. Uwezekano wa kuhama ni 40 kwa 200, yaani asilimia 20, lakini odi ni 40 kwa 160, yaani 0.25. Kati ya vijana 200 waliosoma sekondari, 80 wamehama na 120 wamebaki: uwezekano asilimia 40, odi 0.67. Odi ya wasomi ni mara 2.67 ya odi ya wenzao, na huo ndio uwiano wa odi.

Ripoti ikisema kwamba aliyesoma sekondari ana uwezekano wa kuhama mara 2.67 ya mwenzake, imepotosha. Uwezekano ulitoka 20 hadi 40, mara mbili tu. Pengo hilo hupanuka pale kuhama kunapokuwa jambo la kawaida. Katika kijiji ambako asilimia 60 ya wasiosoma huhama, uwiano uleule wa 2.67 hufikisha wasomi asilimia 80, yaani mara 1.33. Ambako ni asilimia 5 tu wanaohama, hufikisha takriban 12. Kwa hiyo ripoti nzuri huweka asilimia hizo kando ya uwiano wa odi, msomaji asibaki akikisia.

Uwiano ulio chini ya 1 huonyesha kupungua. Kama aliyerithi shamba ana 0.5, odi yake ya kuhama ni nusu ya ile ya asiyerithi.

Katika mfano huu, kiwango cha kuaminika cha asilimia 95 ni 1.7 hadi 4.2. Kwa kuwa hakigusi 1, tofauti haielezwi kwa urahisi na bahati ya sampuli. Hata hivyo, hakithibitishi kwamba shule ndiyo iliyowahamisha vijana: huenda kaya zenye ndugu mjini ndizo zinazosomesha na pia kupeleka watoto huko. Kulinganisha ndugu waliokulia kaya moja, mmoja aliyehama na mwingine aliyebaki, hupunguza shaka hiyo, ingawa hakuondoi tofauti za tabia kati ya ndugu hao.