Somo la Jioni na Usingizi wa Usiku

Mwalimu mmoja wa kijijini alituletea swali ambalo twadhani limewahi kuulizwa katika nyumba nyingi za wasomaji wetu. Binti yake ajifunza Kifaransa, na tena apiga kinanda kanisani. Kila unapokaribia mtihani, au sikukuu yenye nyimbo mpya, mtoto huyo hukesha na kitabu chake hata usiku wa manane, na mama yake humnyang'anya taa. Baba asema, Mwache asome. Mama asema, Mwache alale. Nani kati yao ana haki?

Yako majaribio mengi juu ya jambo hili, lakini moja latupendeza kupita yote, kwa kuwa lilifanywa kwa lugha yetu wenyewe. Katika mwaka 2016 bibi mtaalamu aitwaye Stefani Maza, wa Chuo Kikuu cha Lioni katika nchi ya Ufaransa, pamoja na wenzake, walitangaza habari za Wafaransa 40 waliofundishwa maneno 16 ya Kiswahili. Kila neno lilionyeshwa pamoja na maana yake kwa muda wa sekunde 7. Kisha neno la Kiswahili likaonyeshwa peke yake, na mwanafunzi akatakiwa kuandika maana yake kwa Kifaransa. Akikosa, alionyeshwa jibu, na neno lile likarudishwa tena na tena, hata maneno yote 16 yakawa yamejibiwa sawasawa.

Basi watu hao waligawanywa mafungu mawili. Wengine walijifunza asubuhi, wakaenda zao kazini, wakarudi jioni kujifunza tena. Wengine walijifunza jioni, wakalala usiku, wakarudi asubuhi. Mafungu yote mawili yalipumzika muda ule ule, saa 12 kamili. Tofauti yao ilikuwa usingizi tu. Nasi tuangalie neno hili: katika somo la kwanza hapakuwa na tofauti kati yao, wala wale wa jioni hawakujifunza vibaya kwa sababu ya uchovu.

Waliporudi, wale waliokuwa macho mchana kutwa walikumbuka maneno 7 au 8 katika yale 16. Wale waliolala walikumbuka yapata 10. Tofauti hiyo si kubwa sana, na mtu aweza kuidharau. Lakini sikiliza yaliyofuata. Walipoanza kujifunza upya yale yaliyowatoka, waliolala walihitaji kurudia orodha mara 3 tu, na wale wengine walirudia mara 6. Baada ya juma moja walijaribiwa tena: waliolala kati ya masomo yao mawili walikumbuka maneno 15 hivi, na wenzao 11. Hata baada ya miezi 6 tofauti ilikuwa ikionekana bado.

Sababu yake ni nini? Ndani ya ubongo mna sehemu ndogo iliyojipinda, nayo wataalamu huiita hipokampasi. Sehemu hii hupokea mambo mapya upesi, lakini haiyashiki kwa muda mrefu. Gamba la nje la ubongo, kinyume chake, hujifunza polepole na kushika sana. Tungeweza kulinganisha na karani wa ghala, ambaye mchana hupokea mizigo na kuirundika mlangoni, kwa kuwa wateja hawamwachi, na usiku mlango ukiisha kufungwa huipanga rafuni. Katika mwaka 1994 wataalamu wawili wa Amerika, Wilsoni na Maknoton, walionyesha jambo hili kwa panya. Seli za hipokampasi zilizokuwa zikifanya kazi pamoja panya alipotembea mahali fulani, zilifanya kazi pamoja tena alipokuwa amelala usingizi mzito, kana kwamba arudia njia yake. Twaona basi ya kuwa usingizi si kuzima taa tu. Lakini karani hawezi kupanga mzigo usiofika mlangoni. Asiyejifunza kwanza kwa bidii, hata akilala siku tatu, hataamka na Kifaransa.

Vidole navyo vina habari yao. Katika mwaka 2002, katika chuo cha uganga cha Havadi, Mathiu Woka na wenzake waliwafundisha watu kubonyeza vibonye vinne kwa mkono wa kushoto, kwa mfuatano huu: 4, 1, 3, 2, 4. Walifanya hivyo kwa sekunde 30, wakapumzika sekunde 30, mara 12. Waliojaribiwa baada ya kushinda macho hawakuongeza mwendo wa maana. Waliojaribiwa baada ya usiku mmoja waliongeza mwendo kama sehemu moja katika tano, pasipo kugusa vibonye katikati. Baadaye, mwaka 2004, ikaonekana ya kuwa faida hiyo haikuenea sawasawa, bali ilikuwa kubwa hasa pale kidole kilipokuwa kikikwama. Kila mpiga kinanda apajua mahali hapo: ubeti waenda vizuri, kisha mkono wa kushoto wafika kwenye badiliko fulani na wimbo wote wasimama.

Haki yatutaka tuseme ya kuwa wataalamu wengine wamelipinga jambo hili la vidole. Wasema, sehemu ya faida ile ni vidole kupumzika tu, maana mtu akimaliza mazoezi marefu huwa amechoka, na mwendo wake wa mwisho hauonyeshi ujuzi wake wote. Nasi twaona wana neno. Katika maneno ya lugha usingizi una ushahidi imara zaidi.

Iko hatari moja tena, nayo wengi hawaijui. Katika jaribio la mwaka 2003, watu waliojifunza mfuatano wa pili dakika 10 tu baada ya ule wa kwanza, asubuhi yake hawakuonekana kupiga ule wa kwanza kwa usahihi zaidi. Waliongoja saa 6 kabla ya kuanza wa pili, yote miwili ilipata faida. Kwa hiyo mtoto ajifunzaye nyimbo tatu mpya kwa jioni moja ajitwisha mzigo, hata akilala vizuri.

Tulimjibu mwalimu yule hivi. Binti na achukue maneno 16 baada ya chakula cha jioni, ayafunike na kujijaribu mpaka yote yajibiwe, kisha afunge kitabu, waombe, alale usiku mzima. Asubuhi, kabla ya kufungua kitabu, aandike anayoyakumbuka, ndipo arudie yaliyopotea. Akitaka kujua kama lafaa kwake, juma lijalo achukue maneno mengine 16 ya ugumu ule ule, ajifunze asubuhi, ajijaribu jioni, ahesabu mara alizorudia. Wimbo mpya na uwe mmoja, na ile sehemu ya mkono wa kushoto ipigwe polepole, kwa vidole vilivyo sahihi.

Mwalimu ametuandikia tena, asema hesabu ya juma la kwanza imekwisha: maneno 11 asubuhi, na mara 3 za kurudia. Juma la pili bado. Mama, asema, ameirudisha taa, lakini mafuta amepima mwenyewe.