Natafuta Kazi ya Vyumba vya Baridi

Tangazo la kwanza la jirani yangu lilikuwa na maneno manane: "Ndugu zangu naomba kazi yoyote, nina familia inayonitegemea." Mtu huyu ametunza vyumba vya baridi vya kiwanda cha samaki Mwanza kwa miaka 11, na hapo hakuna hata neno la baridi. Ukiomba kazi yoyote, unamwachia msomaji kibarua cha kufikiri akuweke wapi.

Nikamuuliza ni hitilafu gani ya mwisho aliyoitengeneza. Akasita, maana kwake ilikuwa kazi ya kila siku. Kumbe usiku mmoja chumba kinachotakiwa kukaa nyuzi 18 chini ya sifuri kilikuwa kimepanda hadi 11 chini ya sifuri, na kompresa inanguruma bila kupumzika. Mwenzake wa zamu alikwisha leta mtungi aongeze gesi. Yeye akafungua kifuniko cha koili ya ndani kwanza: imefunikwa na barafu tupu, feni zinazunguka lakini upepo haupiti. Hita ya kuyeyushia barafu ilikuwa imeungua. Akayeyusha, akabadilisha hita, na gesi haikuongezwa hata kidogo. Nikamwambia hicho ndicho cha kuandika. Mwenye bucha au ghala la samaki akisoma hayo, atajua huyu hutafuta ubovu kabla ya kununua gesi.

Tulibishana juu ya kupunguzwa. Alitaka kuficha. Lakini pengo la miezi litaulizwa tu, na anayepunguzwa kwa sababu za uendeshaji hajafukuzwa kwa kosa. Sentensi moja inatosha, bila kumlaumu mwajiri. Ushahidi anao: kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri ampe cheti cha utumishi ajira inapokoma. Chake kilikuwa kabatini, hajawahi kukionyesha kwa mtu.

Jambo gumu zaidi lilikuwa kutaja asichokijua. Mitambo ya amonia hajaigusa, na amonia ikivuja ni hatari kwa watu. Nilisisitiza aandike, akakubali shingo upande. Hatimaye likatoka hili:

"Mimi ni fundi wa vyumba vya baridi, miaka 11 katika kiwanda cha samaki, Mwanza. Nilipunguzwa Machi kiwanda kilipofuta zamu ya usiku. Natafuta uvujaji wa gesi, nabadilisha kompresa, feni, hita na vidhibiti joto, na naandika daftari la joto kila zamu. Nimefanya kazi na mitambo ya freoni tu, si ya amonia. Nina cheti cha utumishi, na msimamizi wangu wa zamani amekubali kupigiwa simu. Niko tayari kuhama, na kufanya siku moja ya majaribio mbele ya fundi wenu."