Ukoko wa Shangazi

Rasimu ya binti mmoja kwa shangazi yake anayetimiza miaka 60 ilijaza skrini nzima ya simu. Ilianza na habari za afya, ikapita kwenye “furaha tele na mafanikio”, ikaomba radhi kwa kutopiga simu, na katikati kabisa ikasema: “jamani, ule ukoko wa wali ulionifichia nikichelewa shule!”

Hapo ndipo pa kuanzia. Kila sentensi iulize: je, mtu mwingine angeweza kumtumia mtu mwingine yeyote? “Furaha tele” inaanguka, ukoko unabaki. Radhi ni ya kweli, lakini mahali pake ni kwenye simu, kwani siku ya mtu haifai kubeba udhuru wetu.

Kosa la kawaida huja wakati wa kusafisha. “Ukoko” hugeuzwa “chakula kitamu”, “jamani” hufutwa kwa kuonekana si rasmi, na sauti ya binti hupotea. Mimi ningeyaacha maneno hayo yalivyo, nikakata yanayoyazunguka tu:

“Shikamoo shangazi, hongera kwa kutimiza miaka 60! Jamani, ule ukoko wa wali ulionifichia nikichelewa shule, hadi leo sijaonja mfano wake. Mungu akuweke, na Jumapili nakuja, unifichie tena.”

Salamu, kumbukumbu, dua na ahadi. Kabla ya kutuma, isome kwa sauti. Neno ambalo usingelitamka mbele ya shangazi, libadilishe.