Saa mbili zilizoahirisha dabi

Mei 8, 2021, Simba na Yanga zilikuwa zicheze saa 11 jioni kwenye Uwanja wa Mkapa. Siku hiyohiyo ikatangazwa kuwa mechi imesogezwa hadi saa 1 usiku. Yanga ilikataa: kanuni ilitaka taarifa ya angalau saa 24. Ikapeleka timu kwa muda wa awali, kisha ikaondoka. Mechi ikapigwa Julai 3.

Katibu anayelalamikia jambo kama hili aanze na saa mbili tu: ya mechi ilivyopangwa awali, na ya kupokea taarifa. Pengo hilo ndilo kesi yenyewe.

Kisha ataje kifungu, aambatishe risiti za basi na hoteli, na aseme anachodai: fidia au tarehe mpya. Hasira zibaki kijiweni.